Dawa za Umakini na Urefu wa Mtoto: Utafiti Umeona Nini?

Mzazi anayeambiwa na daktari kwamba mwanawe ana ADHD, yaani tatizo la umakini linaloambatana na utukutu uliopita kiasi, huwa na maswali mengi kuhusu dawa. Moja husikika karibu kila mahali dawa hizo zinapotumika: je, mtoto wangu atabaki mfupi?

Swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1972, daktari wa Marekani Daniel Safer na wenzake walitoa ripoti kwamba watoto watukutu waliokuwa wakimeza vichangamshi walikuwa wakikua polepole kuliko ilivyotarajiwa. Vichangamshi ndiyo dawa kuu za ADHD, na vinavyotumika zaidi ni methilifenideti, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalini, na jamii ya amfetamini. Dawa hizi huongeza nguvu ya dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe ndani ya ubongo. Mtoto hutulia na kufuata somo, lakini kwa wengi hamu ya chakula hupotea, hasa mchana dawa inapokuwa kazini. Kula kidogo kwa miezi mingi ni sababu mojawapo inayodhaniwa kupunguza kasi ya kukua, ingawa haijathibitishwa kuwa ndiyo pekee.

Kwamba kasi hupungua mwanzoni, watafiti wengi wanakubaliana. Ubishi uko mbele zaidi: mtoto huyo akishafika miaka 20 na kitu, mifupa ikiwa imeacha kurefuka, je, bado pengo lipo au alishalifidia?

Utafiti uliolifuatilia jambo hili kwa muda mrefu unajulikana kwa herufi MTA. Ulianza miaka ya 1990 kwa watoto 579 wa Marekani na Kanada wenye umri wa miaka 7 hadi 9. Kwa miezi 14 watoto waligawiwa matibabu kwa kura: wengine dawa zilizosimamiwa kwa karibu, wengine mafunzo ya tabia, wengine vyote viwili, na wengine matibabu ya kawaida waliyoyapata mitaani kwao. Baada ya hapo kila familia ilijichagulia njia yake, nao watafiti wakaendelea kuwapima watoto mwaka baada ya mwaka.

Matokeo ya miaka mitatu ya kwanza yalitolewa mwaka 2007. Watoto walioanza dawa ndani ya utafiti na kuendelea nazo walikuwa wamepungukiwa takriban sentimita 2 za urefu na kilo 2.7 za uzito wakilinganishwa na wenzao wenye ADHD ambao hawakutumia dawa. Upungufu uliongezeka katika miaka hiyo ya mwanzo, kisha ukatulia. Lakini haukufidiwa, hakukuwa na dalili ya watoto kurefuka kwa kasi ili kuwafikia wenzao.

Mwaka 2017, washiriki walipokuwa na umri wa miaka 25 hivi, ndipo jibu la utu uzima lilipotolewa. Watafiti waliwagawa wenye ADHD katika mafungu matatu: waliotumia dawa mfululizo kwa miaka mingi, waliotumia kwa kuachaachia, na ambao hawakutumia au walitumia kidogo sana. Mafungu mawili ya watumiaji, yakichukuliwa pamoja, yalikuwa mafupi kuliko fungu la tatu kwa wastani wa sentimita 2.55. Waliotumia mfululizo nao walikuwa wafupi kuliko walioachaachia kwa sentimita 2.36. Kwa maneno mengine, kadiri dawa ilivyotumika zaidi ndivyo urefu ulivyopungua zaidi.

Hata hivyo, utafiti mwingine mkubwa ulikuwa umekuja na jibu tofauti. Huko Rochester, jimbo la Minnesota, rekodi za hospitali na shule za watu waliozaliwa kati ya 1976 na 1982 ziliwawezesha watafiti kuwafuata watu 340 wenye ADHD na wenzao 680 wasio nayo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kwamba si ADHD yenyewe wala dawa zake vilivyobadilisha urefu wa mwisho.

Yupi tumwamini? Pengine wote wawili, kwa sababu hawakuwa wakipima kitu kimoja. Rochester iliangalia watumiaji wa kawaida wa dawa mjini, na watumiaji wa kawaida wengi hawamezi dawa kila siku tangu darasa la pili hadi ukubwani. Hata katika MTA, waliotumia mfululizo walikuwa takriban mmoja kati ya saba tu. Wastani wa watu wote unaweza kuificha athari inayowapata wachache waliotumia kwa muda mrefu.

MTA nayo ina udhaifu wake. Kura ilitumika kwa miezi 14 tu. Baada ya hapo waliobaki na dawa walibaki kwa hiari, na huenda walitofautiana na walioacha kwa mambo mengine. Tena, watoto wenye ADHD ambao hawakuwa wameanza dawa walikuwa wakubwa kidogo kuliko kipimo cha kawaida cha umri wao, kwa hiyo pengo kati yao na watumiaji si lazima lionyeshe kwamba watumiaji ni wafupi isivyo kawaida. Kundi zima la ADHD lilipolinganishwa na wanafunzi wenzao wasio na tatizo hilo, tofauti ya urefu ukubwani ilikuwa sentimita 1.29 tu.

Kwa mzazi, wastani wa watoto wengine hausemi yaliyo mwilini mwa mwanawe. Kinachosema ni kipimo. Chukua mfano wa kubuni: mtoto wa miaka 8 anaanza dawa akiwa na sentimita 128. Kwa umri huo, kabla ya balehe, hutarajiwa kuongeza kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Baada ya mwaka ana sentimita 132. Ameongeza 4, kasi imepungua kidogo, na inatosha kuangalia mlo wake na kuendelea kumpima. Mwaka unaofuata anafika 134, na kwenye chati ya ukuaji ameshuka kutoka mstari wake wa zamani hadi ulio chini yake. Hapo daktari anapaswa kuchunguza lishe, dozi, na hata magonjwa mengine yanayozuia ukuaji.

Kipimo kibovu hudanganya. Mpime mtoto bila viatu, visigino vikigusa ukuta, kwa kifaa kilekile na saa ileile, kwa kuwa mtu huwa mfupi kidogo jioni kuliko asubuhi. Pima kabla ya dozi ya kwanza, maana bila namba hiyo hakuna cha kulinganisha nacho. Mwongozo wa Uingereza unataka urefu upimwe kila baada ya miezi 6, na uzito wa watoto wa miaka 10 na chini kila baada ya miezi 3.

Njia za kupunguza athari ni nyepesi. Mpe kifungua kinywa cha kushiba kabla ya dawa, na chakula kingine usiku nguvu yake inapokwisha. Ukuaji ukisuasua, daktari anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kupanga mapumziko wakati wa likizo za shule ili mwili upate nafasi ya kufidia.

Kwa ushahidi uliopo, mtoto anayetumia dawa kwa muda mfupi au kwa vipindi hana sababu kubwa ya kuhofia urefu wake. Anayetumia kila siku kwa miaka mingi anaweza kupoteza sentimita chache, na hasara hiyo ipimwe dhidi ya faida anayoipata darasani na nyumbani. Kwa hiyo, mzazi, usiikatize dawa kwa uvumi, wala usikubali iendelee mwaka mzima bila mtoto kusimamishwa kwenye kipimo.