Barua ya Kudai Diposti, Chumba kwa Chumba

Mpangaji wa Nairobi anapohama, ugomvi wa diposti huanzia kwenye rangi ya kuta. Keateka hupita katika nyumba tupu, akapapasa ukuta mmoja, akasema nyumba lazima ipakwe. Wiki moja baadaye ajenti anatuma hesabu iliyomeza pesa zote. Mpangaji analalamika kwamba aliiacha nyumba safi, lakini neno hilo halisemi chochote kuhusu kioo cha jikoni wala koki ya bafuni. Barua yenye nguvu ni ile inayoingia chumba kimoja baada ya kingine na kutaja kilivyo kila kitu, pamoja na vilivyoharibika.

Tuseme mpangaji ameishi miaka minne katika nyumba ya chumba kimoja cha kulala. Alipoingia alilipa diposti ya kodi shilingi 18,000 na ya maji 2,000. Siku ya kuhama, vitu vikishatolewa, anapiga picha kila chumba akianzia mlangoni, kisha anaandika orodha pale pale, keateka akiwa karibu. Baadaye orodha hiyo inaingia kwenye barua hivi:

"Sebule: kuta zimefifia kwa umri. Matundu sita ya misumari juu ya televisheni, ni yangu. Soketi zote zinafanya kazi.

Chumba cha kulala: kabati na kitasa ni vizima. Hakuna doa ukutani.

Jikoni: kioo kimoja cha dirisha kimepasuka, nimekivunja mimi. Sinki haivuji.

Bafu na choo: ukungu darini unatokana na bomba la ghorofa ya juu linalovuja, niliripoti kwa ujumbe wa simu mara mbili. Shawa ya umeme inafanya kazi."

Kukiri matundu na kioo huwatia watu hofu, ila mimi naona hapo ndipo barua inapopata uzito. Anayekubali kosa la kioo huaminika anapokataa lawama ya ukungu. Tena anaweza kuweka bei mwenyewe kabla mwenye nyumba hajaweka yake: fundi wa vioo amemwambia 1,200, wa kuziba matundu na kupaka sehemu ile 800, na bili ya mwisho ya maji ni 650. Jumla ni 2,650, kwa hiyo anadai arudishiwe 17,350.

Ajenti sasa anajibu kwamba kupaka nyumba nzima ni 11,000. Jambo la kwanza ni kurudi kwenye mkataba. Mikataba mingi ya Nairobi ina kifungu kinachomtaka mpangaji apake rangi anapotoka, na ukikitia sahihi ni vigumu kukikwepa. Mwenye kifungu hicho hufanya vizuri kutafuta fundi wake mapema na kupaka kabla ya kukabidhi funguo, maana mara nyingi fundi wa ajenti ni ghali zaidi. Kama kifungu hakipo, tazama ukuta wenyewe. Rangi iliyochakaa hufifia sawasawa chumba kizima, na hiyo ni kazi ya miaka. Mafuta yaliyoruka nyuma ya jiko au michoro ya kalamu ya watoto hukaa mahali pamoja, na hayo ni ya mpangaji. Hata hapo, gharama ya haki ni ya ukuta huo, si ya nyumba nzima.

Orodha ikishaandikwa, keateka aitie sahihi na tarehe, pamoja na idadi ya funguo alizopokea. Yeye hana mamlaka ya kurudisha pesa, lakini ameiona nyumba. Funguo zisibaki mfukoni ukisubiri malipo, kwani mwenye nyumba anaweza kudai kwamba bado unaishi humo na kuhesabu kodi ya mwezi mwingine.

Barua yenyewe ambatanishe na picha, ujumbe wa M-Pesa wa siku ulipolipa diposti, ilani yako ya kuhama na zile ripoti za bomba. Taja kiasi unachodai, namba ya kulipia, na muda; siku 14 zinatosha. Kata lolote watakalofanya, omba risiti yake.

Muda ukipita kimya, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani 2021. Husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Jambo moja huwakwamisha wengi kabla hata ya kufika huko: ajenti husema diposti iko kwa mwenye nyumba, naye mwenye nyumba anasema iko kwa ajenti, hasa pale ajenti alipobadilishwa katikati ya upangaji. Kwa sababu hiyo iandikie barua majina yote mawili, ukianza na yule aliyetajwa kwenye mkataba, na utume nakala kwa kila mmoja siku ile ile.