Maamuzi Yaliyofichwa Ndani ya Kikao Kirefu

Kikao cha saa mbili kikirekodiwa kwa simu na kuandikwa neno kwa neno hujaza kurasa nyingi, lakini maamuzi yaliyomo mara nyingi hayazidi vidole vya mikono miwili. Yaliyobaki ni hoja, malalamiko, salamu na watu kukatana kauli. Kazi ya katibu ni kuyachomoa hayo machache na kuyapanga kwenye jedwali: nini kimeamuliwa, nani mhusika, tarehe gani, na hali ikoje.

Tuchukue mfano wa kamati ya maji ya kijiji iliyokaa Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025. Dakika ya 20 mhazini anasema, "Shilingi 50 kwa ndoo haitoshi, tupandishe iwe 100." Wajumbe wawili wanaitikia, "Sawa kabisa." Hapo bado hakuna uamuzi. Mhazini amependekeza, na wawili wamemuunga mkono. Uamuzi unakuja dakika ya 31, mwenyekiti anapofunga mjadala: "Basi tumekubaliana, 100 kuanzia tarehe mosi." Katibu asikilize kauli za kufunga kama hiyo: tumekubaliana, imepita, basi iwe hivyo. Maneno kama "ingefaa", "nadhani" na "tungeweza" yanabaki kuwa maoni, hata yakipigiwa makofi.

Katibu mwenye haraka angeandika bei mpya na kugeuza ukurasa. Lakini dakika ya 74, katikati ya mazungumzo ya pampu, mzee mmoja anakumbusha kwamba bei haiwezi kubadilishwa bila mkutano wa watumia maji wote. Mwenyekiti anajibu, "Kweli, Mzee. Hilo la bei lisubiri mkutano." Sentensi moja imebatilisha uamuzi wa nusu saa nzima. Kwa hiyo hakuna mstari unaohesabika kuwa umekamilika kabla maandishi yote hayajasomwa hadi mwisho. Uamuzi wa kwanza usifutwe, bali uandikwe kuwa umebatilishwa na kuonyesha namba ya ule ulioubatilisha. Aliyetoka mapema akiamini bei imepanda ataona kilichotokea baadaye.

Safu ya mhusika ndiyo inayosumbua zaidi, na lugha yetu inachangia. Tunapenda kusema "fundi atafutwe", "vifaa vinunuliwe", "barua iandikwe". Kazi imetajwa, lakini wa kuifanya hayupo kwenye sentensi. Katika kikao chetu mwenyekiti alisema, "Fundi wa pampu atafutwe kabla ya Ijumaa," na hakuna aliyesema, "Nitamtafuta mimi." Katibu asikisie kwamba ni mhazini kwa sababu ndiye anayeshika fedha. Aandike "hajatajwa", kisha ampigie mwenyekiti siku hiyohiyo. Na jibu likiwa "kamati", aulize tena, kwani kazi ya kamati nzima kwa kawaida hubaki bila mwenyewe.

Tarehe nazo zigeuzwe. "Kabla ya Ijumaa", ikihesabiwa kutoka siku ya kikao, ina maana kazi iishe ifikapo Alhamisi, 13 Machi. Mwezi Mei mtu akikuta neno "Ijumaa" peke yake hataelewa ni ipi. Pale ambapo siku haikusemwa, iandikwe kwamba haikupangwa.

Jedwali la kikao hicho lingesomeka hivi:

| Na. | Uamuzi wa 8/3/2025 | Mhusika | Mwisho | Hali | Dakika |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | Ndoo iwe sh. 100 | Mhazini | 1/4/2025 | Umebatilishwa na Na. 2 | 31 |
| 2 | Bei isubiri mkutano wa watumia maji | Mwenyekiti | Haikupangwa | Unasubiri | 74 |
| 3 | Fundi wa pampu atafutwe | Hajatajwa | 13/3/2025 | Haujaanza | 82 |
| 4 | Kufuli jipya la kioski linunuliwe | Katibu | Haikupangwa | Haujaanza | 95 |

Safu ya mwisho, ya dakika, wengi huiacha, nami naiona ya lazima. Mjumbe akikana kwamba alikubali, hakuna haja ya kubishana: inafunguliwa rekodi palepale na kila mtu anasikia. Pia inambana katibu mwenyewe. Mstari asioweza kuuonyesha dakika yake huenda ameutunga kutokana na alivyotamani kikao kiende.

Na lile wazo la kuzungushia kisima uzio, lililofurahisha kila mtu? Mjadala ulihama bila mwenyekiti kulifunga. Liwekwe pembeni, kwenye orodha ya hoja zisizoamuliwa, ili lirudi kwenye ajenda.

Jedwali lipelekwe kwa wajumbe ndani ya siku mbili, kumbukumbu zikiwa bado mbichi, wasahihishe. Kikao kijacho, kipengele cha yatokanayo kianze nalo, mstari kwa mstari, na safu ya hali ibadilishwe mbele ya wote. Mstari uliokaa "haujaanza" vikao vitatu mfululizo upewe mhusika mwingine au ufutwe rasmi kwa uamuzi mpya.