Mfuniko wa Tundu la Bafuni na Chujio Lisilozuia Maji

Katika nyumba nyingi za kupanga jijini Dar es Salaam, tundu la kutolea maji bafuni hufunikwa na kitu ambacho si mfuniko wake. Mara ni kipande cha kigae, mara ni jiwe, mara ni kifuniko cha ndoo kilichotobolewa kwa msumari wa moto. Mfuniko wenyewe ulishapasuka. Wa plastiki nyembamba hukauka na kuwa mgumu kwa miaka ya kumwagiwa maji ya moto, kisha siku moja kisigino cha mtu mzima kinaupasua katikati. Wa chuma cha kawaida huliwa na kutu, kuanzia kwenye matundu ya skrubu.

Tundu likibaki wazi, kila kinachosombwa na maji huingia. Na bafu hizi hazitumiki kwa kuoga tu. Humo watu hufua, huosha vyombo na hufumua nywele. Punje za wali huoza na kupita zake, lakini nyuzi za rasta hazioza. Hushuka hadi kwenye kona ya bomba, ile inayobaki na maji muda wote ili kuzuia harufu isipande, na huko hunasa vipande vya sabuni, vifungo na nyuzi za nguo mpaka njia inaziba.

Basi mwenye nyumba ananunua wavu mwembamba, anautandaza juu ya mdomo wa bomba, na kwa siku mbili tatu mambo yanakwenda vizuri. Siku ya nne maji yanasimama hadi kwenye vifundo vya miguu. Aliyemo bafuni, akiwa na sabuni usoni, anauvuta ule wavu na kuutupa pembeni. Tatizo linarudi pale pale.

Kosa halikuwa kuweka chujio. Kosa lilikuwa eneo. Bomba la inchi 2 lina mdomo wenye upana wa sentimita 5 hivi, yaani eneo la karibu sentimita 20 za mraba. Chujio bapa likitandazwa juu ya mdomo huo, matundu yake huacha wazi labda asilimia 40 tu ya eneo lake, na iliyobaki ni chuma au plastiki yenyewe. Kwa hiyo maji yaliyokuwa na mlango wa sentimita 20 sasa yana mlango wa sentimita 8, kabla hata unywele wa kwanza haujanasa. Mtu anayeoga kwa ndoo ya lita 20 humalizia kwa kumwaga maji mengi kwa mpigo, na mlango huo haumtoshi.

Chujio la kikombe ni jambo jingine. Hili lina ukingo unaokaa mdomoni mwa bomba na tumbo linaloning'inia ndani. Chukua lenye upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 4, lililotobolewa kwa kiwango kile kile cha asilimia 40. Ubavu wake peke yake unatoa nafasi ya sentimita 20 za mraba, na kitako kinaongeza kama 5. Jumla ni 25, zaidi ya mdomo wa bomba wenyewe. Uchafu hutua kwenye kitako, nayo maji huendelea kupita ubavuni. Ndiyo maana kikombe hustahimili wiki nzima pale ambapo wavu bapa haumalizi siku nne.

Kuna sharti moja ambalo wauzaji hawalitaji. Ubavu wa kikombe usigusane na bomba. Kikombe kilichobana hupoteza matundu yake yote ya pembeni, kikabaki kinategemea kitako, na kitako ndicho kinachoziba kwanza. Iachwe nafasi ya nusu sentimita kila upande. Kitako nacho kikae juu ya yale maji yanayobaki kwenye kona, angalau kwa sentimita 2, la sivyo nywele zitaloweka humo na kunuka. Kina hicho hupimwa kwa kijiti kikavu: kishushwe wima hadi kiguse maji, kisha pale kilipolowa papimwe.

Kabla ya kwenda dukani, mfuniko wa zamani utolewe kwa uangalifu. Kwanza tambara lililofungwa kamba lisukumwe mdomoni mwa bomba, ili vipande vilivyovunjika visidondoke ndani. Kipande kimoja chenye ncha kikifika kwenye kona kitanasa nywele kwa miaka, na hakuna chujio jipya litakalokiondoa. Halafu bisibisi kuukuu na brashi vitumike kukwangua ute na saruji kwenye kile kidato ambacho mfuniko hukalia. Hapa watu wengi huharakisha. Tone la saruji lenye unene wa milimita 2 linatosha kuufanya mfuniko uchezecheze, na mfuniko unaochezacheza ndio unaopasuka.

Vipimo viwili ndivyo vinavyohitajika. Cha kwanza ni upana wa fremu kwa ndani, kwa pande zote mbili, kwa sababu fundi aliyepanga vigae huenda aliibana upande mmoja. Cha pili ni kina kutoka uso wa kigae hadi kwenye kidato. Fremu yenye sentimita 15 inataka mfuniko wa sentimita 14.8 hivi, ili ibaki nafasi ya milimita moja kila ukingo na uweze kunyanyuliwa. Unene wake uwe mdogo kidogo kuliko kina cha kidato, ili ukae milimita moja au mbili chini ya kigae. Ukizidi kwenda juu, maji yatatuama kuuzunguka na mtu atajikwaa. Ni vyema pia kubeba ule wa zamani, hata ukiwa vipande, na kuulinganisha dukani na mpya.

Mfuniko wa stenlesi ndio unaofaa zaidi bafuni. Sumaku ikiung'ang'ania kwa nguvu, huenda ni chuma cha daraja la chini kitakachoshika kutu mapema.

Mfuniko usipigiliwe kwa saruji. Mafundi wengine hufanya hivyo kuzuia wizi au watoto, lakini baada ya hapo chujio halisafishiki tena. Kama matundu ya skrubu yamechakaa, nukta nne ndogo za silikoni pembeni zinaushika vya kutosha, na hukatwa kwa kisu siku ya kusafisha. Fremu ikiwa imevunjika, hapo ni kazi ya kuichimbua, kupachika nyingine kwa gundi ya vigae, na kuiacha siku nzima bila maji.

Jaribio ni la ndoo mbili. Ya kwanza imwagwe bila chujio, huku mtu akihesabu hadi maji yaishe sakafuni. Ya pili imwagwe kwa mwendo ule ule, chujio likiwa mahali pake. Hesabu zikikaribiana, kazi imekamilika. Ya pili ikichukua muda mrefu zaidi kwa dhahiri, kikombe kimebana au matundu yake ni machache, kirudishwe dukani.

Harufu ikiendelea baada ya yote haya, chujio lisilaumiwe. Kinachozuia harufu ni maji yaliyo kwenye kona, na bafu lisilotumika kwa wiki kadhaa hukauka, kwa hiyo kopo moja la maji hurekebisha hali. Na kama ndoo ya kwanza, ile isiyo na chujio, nayo ilikawia kushuka, basi kizuizi kiko mbele zaidi ndani ya bomba. Aitwe fundi bomba afungue chemba iliyo nje kabla ya kununua kitu kingine chochote.