Kuzamisha Kichwa cha Skrubu Bila Kubahatisha

Chukua mlango wa kuteleza unaopita karibu sana na bamba la chuma, na bamba lenyewe limeshikwa kwa skrubu nne za M6. Kichwa kimoja kikichomoza hata nusu milimita, mlango utakikwaruza kila unapofunguliwa. Ndiyo maana kazi ya namna hii hufungwa kwa skrubu za kichwa bapa, zile ambazo juu ni tambarare na chini ya kichwa zimechongoka kama koni. Tundu nalo huchimbwa koni ya kukilaza kichwa, ili uso wa skrubu na uso wa bamba vilingane.

Mafundi wengi huichimba koni hiyo kwa macho. Wanashusha biti ya koni kidogo, wanaingiza skrubu, wanaitoa, wanashusha tena. Kwa skrubu moja kwenye ubao hakuna ubaya. Mti hubonyea, kichwa kikajitafutia nafasi. Chuma hakibonyei, na kikishaliwa hakirudi. Kwa bamba letu ni heri kujua mapema mambo mawili: mdomo wa koni uwe na kipenyo gani, na biti ishuke kiasi gani.

Anza na pembe ya kichwa, kwa sababu hesabu yote inaitegemea. Skrubu za milimita, yaani zinazoanza na herufi M, huwa na pembe ya digrii 90. Zile za inchi za Kimarekani ni digrii 82. Kwenye ndege hutumika sana digrii 100, kwa kuwa koni pana hukaa juujuu na ngozi ya ndege ni nyembamba. Katika boksi la skrubu zilizochanganyika usiziamini kwa sura tu, maana tofauti ya digrii nane haionekani kirahisi. Kipimo cha bei rahisi ni karatasi ya kawaida ya ofisini, ambayo kona yake ni digrii 90. Chora kona hiyo kwenye kadi ngumu, uikate iwe mwanya wa pembe ulioachwa wazi kwenye kona ili mwili wa skrubu upite, kisha ulaze kichwa cha skrubu ndani yake ukielekeza kwenye mwanga. Kikikaa bila mwanga kupenya pembeni, ni cha digrii 90. Mwanga ukipenya upande wa juu, karibu na ukingo wa kichwa, hicho ni chembamba zaidi na yaelekea ni cha 82.

Sasa kaliperi. Skrubu yetu ya M6, tuseme, ina kichwa cha milimita 11.8. Ukienda kuchimba koni yenye mdomo wa 11.8, kichwa kitachomoza, na hapa ndipo wengi hushangaa kwa kuwa wamepima sawasawa. Tazama ukingo wa kichwa kwa karibu. Koni haiishi kwa makali kama ya wembe. Mwisho wake una kanda nyembamba iliyosimama wima, kwa sababu makali ya namna hiyo yangevunjika kiwandani na kukata vidole vya watu. Kwenye skrubu yetu kanda hiyo ina urefu wa milimita 0.3 hivi. Koni inafika kipenyo cha 11.8 ikiwa bado iko 0.3 chini ya uso wa kichwa. Mdomo wa tundu ukiwa 11.8 kamili, kanda yote inabaki nje.

Dawa ni kuiendeleza koni kwa mawazo, kana kwamba kanda haipo, hadi ifike kwenye uso wa kichwa. Kwa digrii 90, kila sehemu moja ya milimita unayopanda juu huongeza sehemu hiyohiyo kila upande, yaani kipenyo kinakua mara mbili ya kimo. Kanda ya 0.3 basi inaongeza 0.6, na kipenyo cha makali ya kufikirika kinakuwa 12.4. Hicho ndicho kipenyo cha kuchimba. Majedwali ya viwango nayo hutumia hesabu hii. Jedwali la ISO 10642 kwa M6 linaandika kipenyo cha kinadharia kisichozidi milimita 13.44, ilhali kichwa chenyewe kinaruhusiwa kuwa kidogo hadi 11.34. Mtu asiyejua kuhusu kanda atadhani jedwali limekosewa. Halijakosewa, linataja koni iliyoendelezwa hadi makali, tena kwa skrubu kubwa kupita zote zinazoruhusiwa.

Mlango wetu unapita juu, kwa hiyo tunataka kichwa kizame kidogo chini ya uso wa bamba, tuseme 0.1. Kwa kanuni ileile, kuzama 0.1 kunaongeza 0.2 kwenye mdomo. Tunafika 12.6. Nisingependa kuzidisha hapo: kichwa kikizama sana kinaacha kishimo kinachojaa vumbi na maji, na chuma cha kukishika kinapungua bure.

Kilichobaki ni kina. Ita mdomo wa koni D, tundu la kupitisha skrubu d, na pembe A. Kina cha koni, kutoka uso wa bamba hadi pale koni inapokutana na tundu lililonyooka, ni hiki:

```
kina = (D - d) / (2 × tan(A / 2))
```

Maana yake si ngumu. Toa tundu kwenye mdomo, gawa kwa mbili upate upana wa mteremko wa upande mmoja, kisha gawa kwa tanjenti ya nusu ya pembe, ambayo inasema mteremko umelala kiasi gani. Nusu ya 90 ni 45, na tanjenti ya 45 ni 1, kwa hiyo skrubu za milimita hazihitaji kikokotoo kabisa. Kwa pembe nyingine tumia simu, lakini kwanza bonyeza tan 45. Ikitoa 1, uko kwenye digrii. Ikitoa 1.6 na ushei, simu inahesabu kwa radiani, na kila jibu utakalolipata litakuwa la kupotosha.

Tundu la kupitisha M6 kwa nafasi ya kawaida hutobolewa 6.6. Basi 12.6 toa 6.6 ni 6, nusu yake 3. Koni yetu ina kina cha milimita 3.0. Skrubu ingekuwa ya digrii 82 na vipenyo vilevile, tungegawa 3 kwa 0.869 na kupata 3.45. Ingekuwa ya digrii 100, tungegawa kwa 1.192 na kupata 2.52.

Hiyo 3.0 ni namba unayoweza kuiweka moja kwa moja kwenye kizuizi cha mashine ya kutobolea ya kusimama, ila uanze kuhesabu mahali sahihi. Wengi huanzia ncha ya biti inapogusa bamba. Ncha ya biti ya koni mara nyingi ni butu, au imekatwa kabisa, na hata ikiwa kali inatumbukia ndani ya tundu la 6.6 bila kugusa kitu. Toboa tundu kwanza. Mashine ikiwa imezimwa, teremsha biti hadi kuta zake ziguse ukingo wa tundu pande zote. Hapo biti ina kipenyo cha 6.6, na hapo ndipo sifuri. Kutoka hapo shuka 3.0, funga kizuizi, kisha washa. Zungusha polepole na usukume kwa mkono thabiti. Mwendo wa kasi huifanya biti itetemeke na kuacha mawimbi kwenye kuta za koni, na kichwa hakikai vizuri juu ya mawimbi.

Usiache kupima mdomo baada ya tundu la kwanza, ukiwa umeondoa vinyweleo vya chuma ukingoni. Ninaamini mdomo kuliko kina, na sababu ni ileile ya mara mbili: ukikosea kina kwa 0.1, mdomo unakosea kwa 0.2, na kosa kubwa huonekana kirahisi zaidi kwenye kaliperi. Ukipata 12.4 badala ya 12.6, unajua ushuke 0.1 zaidi. Fanya jaribio hilo kwenye kipande cha chuma chakavu, kwa skrubu yenyewe utakayotumia.

Vipimo vikiwa sawa na kichwa bado hakitulii, shuku pembe. Paka kuta za koni kwa kalamu nzito ya rangi, ingiza skrubu, izungushe huku ukiikandamiza, kisha itoe. Rangi ikifutika mduara mzima kutoka juu hadi chini, pembe zinalingana. Ikifutika juu tu, kwenye mdomo, kichwa ni cha 90 na biti ilikuwa ya 82. Ikifutika chini tu, karibu na tundu, kichwa ni cha 82 ndani ya koni ya 90. Hapo utaona pia mwanya kuzunguka kichwa, unaokaribia milimita 0.4 kila upande kwa vipimo vyetu. Katika hali zote mbili skrubu inashika kwa mstari mwembamba badala ya uso mzima. Ukikaza, chuma kinabonyea kwenye mstari huo, na baada ya muda skrubu inalegea.

Bamba letu lina unene wa milimita 5, kwa hiyo chini ya koni inabaki 2 ya tundu lililonyooka, na hiyo inatosha. Lingekuwa la milimita 3, koni ingefika hadi chini, na ukingo wa tundu ungekuwa makali matupu yanayopinda mara tu unapokaza. Biti ikishuka hata kidogo zaidi, tundu la 6.6 linatanuka, na ncha ya koni ya skrubu inaanza kubanana na kitu kilicho nyuma badala ya kulibana bamba. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba koni isizidi theluthi mbili za unene wa bamba. Kwa bamba la 3 hiyo ni 2.0, na M6 haiingii hapo kwa namna yoyote. M4 inaingia: kichwa cha 8, kanda ya 0.2 inayofanya makali yawe 8.4, tundu la 4.5, kina 1.95. Ila M4 moja haina nguvu hata nusu ya M6, kwa hiyo palipokuwa na skrubu nne hesabu tisa, au tafuta bamba nene zaidi.