Mishale 20 inayorudi ilikoanzia

Waya wa kipimajoto ukipita karibu na waya wa umeme wa nyumbani, vipimo huanza kutetemeka mara 50 kwa sekunde, maana umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50. Dawa ya haraka ni wastani unaosogea: kila kipimo kipya kikiingia, jumlisha vipimo N vya mwisho, kisha gawa kwa N. Wengi hudhani N ikizidi kuwa kubwa ndipo mtetemo unapozidi kupungua. Sivyo, na rula na kipimapembe vinatosha kulionyesha hilo.

Tuseme tunapima mara 1000 kwa sekunde. Wimbi ni kama kivuli cha mshale unaozunguka bila kubadili mwendo. Mshale wa hezi 50 huzunguka nyuzi 18,000 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya kipimo kimoja na kingine hugeuka nyuzi 18. Chora mshale wa sentimita 1. Wa pili uanzie kwenye ncha ya wa kwanza, umegeuzwa nyuzi 18, na wa tatu vivyo hivyo. Mstari unajipinda taratibu, na ncha ya mshale wa 20 inagusa pale ulipoanzia, kwani 20 × 18 ni 360. Jumla ni sifuri: mtetemo umefutika.

Sasa pembe iwe θ yoyote. Ncha zote zinakaa kwenye duara moja lenye nusu kipenyo R. Kutoka katikati ya duara, mshale mmoja unaonekana kwa pembe θ, basi urefu wake ni 2R sin(θ/2). Mstari mnyoofu kutoka mwanzo hadi ncha ya mwisho, ambao ndio jumla yetu, ni 2R sin(Nθ/2). Gawa huu kwa ule, R inatoweka. Gawa tena kwa N:

```
|H| = |sin(Nθ/2) / (N sin(θ/2))|
```

Wimbi hufutika juu pakiwa sifuri na chini pasiwe sifuri, yaani Nθ ikiwa 360, 720 na kuendelea. Kwa N = 20, hizo ni hezi 50, 100, 150, hadi 500. θ ikiwa sifuri, juu na chini vyote ni sifuri, lakini urudie mchoro: mishale imenyooka yote, na wastani ni 1. Joto lenyewe, lisilobadilika, linapita salama.

Ongeza N iwe 25. Mapengo yanahamia hezi 40, 80, 120. Kwa hezi 50, Nθ/2 ni nyuzi 225. Juu tunapata 0.707, chini 3.91, na asilimia 18 ya mtetemo inarudi. Mishale mitano ya ziada imeanza duara jipya bila kulimaliza.

Hata N = 20 ina mpaka wake. Jenereta ikikimbia hadi hezi 52, duara linapitiliza kidogo, na karibu asilimia 4 ya mtetemo inavuja.