Fahamu: Mwenzako kazini akidai kazi yako ni yake
Tuseme Jumatatu ulimtumia mwenzako rasimu ya bajeti. Alhamisi anaiwasilisha kikaoni kama yake, kisha mkiwa wawili anakuambia: "Hukunitumia kitu, umesahau." Unaanza kutilia shaka kumbukumbu yako, na hilo ndilo linaloumiza zaidi.

Tukio moja meneja ataliona kama kutoelewana tu. Yakifika matatu, yapange kwa tarehe: ulichokabidhi, alichosema, na ushahidi wa kila tukio. Maneno yake yaandike siku ileile, bila kumwita mwongo. Barua pepe ina tarehe na saa. Kwenye Google Docs, fungua `File > Version history > See version history` uone nani alibadilisha nini na lini. Akitengeneza nakala, historia ya nakala hiyo huanza upya, kwa hiyo tunza faili la awali.