Jinzi mpya ngumu: iloweke kabla fundi hajaikata

NAKIVALE. Jinzi nyeusi-buluu zilizokakamaa kama turubai hutoka madukani Mbarara, zikapanda gari hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, ambako wanunuzi ni Wakongo, Warundi, Wasomali na wenyeji. Siku chache baadaye baadhi ya wateja hurudi na malalamiko mawili: suruali imekuwa fupi, au imepaka rangi shati jeupe. Yote mawili yana dawa, na muuzaji anaweza kuitoa palepale anapopokea pesa.

Ugumu huo una sababu. Nyuzi za wima hupakwa wanga kiwandani ili zisikatike zinapofumwa, na suruali isiyofuliwa kabla ya kuuzwa hufika dukani na wanga wake. Jinzi iliyo laini toka mwanzo imekwishafuliwa kiwandani. Kwa hiyo anayenunua jinzi ngumu ajue kwamba maji ya kwanza ataitia yeye mwenyewe, na maji hayo ndiyo yatakayoirudisha.

Kiasi cha kurudi hutegemea kitambaa. Kilichobanwa kwa mashine kiwandani ili kisirudi sana hupungua asilimia 1 hadi 3 hivi. Ambacho hakikupitishwa humo kinaweza kupungua asilimia 8, hata zaidi. Tuseme mteja anahitaji mguu wa sentimita 76, na fundi cherehani anaukata na kuupinda siku hiyohiyo. Kitambaa kikirudi asilimia 3, mguu unabaki chini kidogo ya sentimita 74. Kikirudi asilimia 8, unabaki 70, na suruali ni ya mdogo wake. Fundi hana kosa hapo. Alipelekewa kazi mapema mno.

Basi kwanza ni kuloweka. Funga zipu na vifungo, geuza suruali nje ndani, ilaze ndani ya karai pana lenye maji ya uvuguvugu yasiyo na sabuni. Ikandamize hadi maji yaingie kila mahali, kisha iwekee kitu kizito kisichotoa kutu, kwa maana kitambaa kikielea kimekunjwa, mikunjo hiyo huacha mistari. Dakika 30 hadi 45 zinatosha. Maji yatageuka buluu na kuwa na utelezi kidogo: buluu ni rangi ya ziada, utelezi ni wanga. Usiikamue kwa kuisokota. Inyanyue ichuruzike, inyooshe miguu kwa mkono, itundike kivulini ikiwa imeshikwa kiunoni. Ikikauka kabisa, sasa ipelekwe kwa fundi. Huko Nakivale, ambako maji hubebwa kwa jerikani, karai hilohilo linaweza kuloweka jinzi nyingine ya rangi hiyo. Nguo nyeupe zisikaribie.

Wengi hutia chumvi au siki wakiamini rangi itashika. Kwa jinzi ya buluu ni kupoteza chumvi bure. Rangi yake, nili, haiyeyuki ndani ya maji. Imekaa upande wa nje wa uzi, na kiini cha uzi ni cheupe. Inatoka kwa kusuguliwa, chembe kwa chembe. Ndiyo maana kuikwangua kwa brashi au juu ya jiwe huacha michirizi myeupe, na jiki huimaliza kabisa. Muuzaji anayetaka kujua suruali itapaka kiasi gani asugue kitambaa cheupe chenye unyevu kwenye paja mara kumi. Kikitoka buluu iliyokolea, amwambie mteja asikalie kiti cheupe wala asivae shati jeupe wiki za mwanzo. Wakati wa mvua asilifunge robota la jinzi hizo pamoja na fulana nyeupe, maana unyevu na msuguano wa safari vinatosha kupaka.

Baada ya hapo, kufua kunangoja kwa muda gani? Wapenzi wa jinzi ulaya na Japani wako wanaovaa miezi sita bila kufua, ili mikunjo ya mapaja na magoti ijichore yenyewe. Hayo ni ya mtu anayeshinda ofisini. Kwa anayetembea vumbi la Isingiro na kubeba mizigo, chembe za mchanga hukaa kati ya nyuzi na kuzikata kila hatua, na jasho hudhoofisha kitambaa, hasa mahali miguu inapoachana, ambapo jinzi huchanika kwanza. Kalenda isiwe kigezo. Mwenye kuvaa siku mojamoja anaweza kungoja mwezi au zaidi akiianika penye upepo. Mwenye kuvaa kila siku kazini asipitishe wiki mbili. Ikinuka baada ya kuanikwa usiku mzima, wakati umefika.

Siku hiyo igeuzwe tena nje ndani, maji baridi, sabuni kidogo iliyoyeyushwa kwanza, ikandwe kwa viganja badala ya kusuguliwa, isuuzwe hadi povu liishe, ikauke kivulini. Jinzi nyeusi tititi hutiwa rangi ya aina nyingine na jua linaweza kuipausha, kwa hiyo nayo ikae kivulini.